Mate 50 inatoa moshi au inakaza: kufuatilia oili kutoka tankini hadi kwenye pistoni

Pikipiki ya Yamaha Mate 50 iliyobaki barabarani leo imepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha lake. Ndiyo maana mtu akiniletea pikipiki hiyo akasema "fundi, inatoa moshi" au "fundi, ikipata moto inakaza", sianzi na kabureta. Nauliza swali moja: oili unaiweka wapi?

Wapo wanaoweka kwenye tanki lake la oili, kama Yamaha walivyokusudia. Wapo wanaochanganya kwenye petroli. Na wapo wengi wanaofanya yote mawili, kwa sababu waliwahi kuambiwa kwamba pampu ya oili haiaminiki, basi wakaona heri izidi kuliko ipungue. Dalili zinazowaleta hawa wote kwangu zinafanana, lakini tiba zake zinapingana. Dawa ya mmoja inamuua mwenzake. Kwa hiyo kabla ya kugusa skrubu yoyote lazima ujue oili inaingia kwa njia ipi, na inaingia kiasi gani.

Kwanza, pikipiki yako ina mfumo upi kwa kweli

Injini hii ni ya mapigo mawili. Haina oili ya kukaa chini na kuzunguka ndani ya injini kama ilivyo kwenye boda za sasa. Pistoni, ringi na beringi za krenki zinalainishwa na oili inayopita pamoja na petroli na hewa, kisha inaungua na kutoka kwa ekzosi. Ile oili ya giaboksi ni nyingine kabisa, iko chumba chake, na kati ya vyumba hivyo viwili kuna sili ya mpira tu. Ikumbuke sili hiyo, tutairudia.

Kwenye pikipiki za zamani kama Puch Maxi hakuna pampu. Unachanganya mwenyewe, oili sehemu moja kwa petroli sehemu hamsini, yaani mililita 20 kwa kila lita. Yamaha walianza kuuza mfumo wao wa Autolube mwaka 1964, na Mate wakaipa mfumo huo: tanki la oili peke yake, mpira mwembamba unaoshuka hadi kwenye pampu ndogo inayozungushwa na injini, na mpira mwingine unaotoka kwenye pampu kwenda njia ya kuingilia mchanganyiko. Pampu nyingi za aina hii zina waya uliounganishwa na resi. Ukifungua resi, pampu inasukuma zaidi, ukiirudisha, inapunguza. Kwa hiyo uwiano haukai mahali pamoja. Kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kuvutwa resi, oili ni chache sana, na kwenye mlima ni nyingi.

Usiamini maandishi ya ubavuni. Fuata mpira kwa kidole kuanzia tanki la oili. Nimekuta mpira uliokatwa na kuzibwa kwa skrubu ya mbao. Nimekuta pampu imetolewa na nafasi yake imefunikwa kwa kipande cha bati, huku mwenyewe akiendelea kujaza tanki la oili na kushangaa kwamba haipungui. Pikipiki ya namna hiyo ilikuwa inatembea na petroli tupu, na ilikuwa na siku chache tu za kuishi. Ukiona mpira mzima kutoka tankini hadi kwenye pampu, na mzima kutoka kwenye pampu hadi kwenye injini, basi mfumo upo. Kama unafanya kazi, hilo ni swali la pili.

Kupima badala ya kubahatisha

Kabla ya kipimo, jilinde. Kama huna uhakika na pampu, tia mililita 20 za oili ya 2T kwa kila lita ya petroli tankini. Kwa muda huo moshi utazidi na plagi inaweza kuchafuka, lakini pistoni haitakaza kwa kukosa oili wakati unachunguza. Huo ni ulinzi wa siku mbili tatu, si mtindo wa kudumu.

Kipimo chenyewe hakihitaji kifaa cha gharama. Jaza tanki la oili hadi alama unayoweza kuirudia bila kukosea, pikipiki ikiwa imesimama sawa kwenye stendi. Jaza petroli vilevile. Tembea mizunguko yako ya kawaida mpaka umalize kama lita mbili au tatu. Rudi, simamisha mahali palepale, jaza petroli kwa kipimo na uandike ni kiasi gani kimeingia. Halafu jaza oili kwa bomba la sindano la mililita 20, kutoka duka la dawa, mpaka ifike alama ileile, ukihesabu sindano.

Gawanya petroli kwa oili. Lita 2 za petroli ni mililita 2000. Kama oili iliyoingia ni mililita 40, uwiano ni 1 kwa 50. Ikiwa ni mililita 20, ni 1 kwa 100, na hiyo ni kidogo mno kwa injini kuukuu inayopozwa kwa upepo kwenye joto letu. Ikiwa ni mililita 100, ni 1 kwa 20, na hapo moshi hauna siri tena. Mimi kwa Mate inayotembea mjini na barabara za kawaida naridhika nikipata kati ya 1 kwa 40 na 1 kwa 70. Mtu anayepanda milima kila siku ataona oili inakwenda zaidi, na ndivyo inavyotakiwa.

Kama tayari umechanganya kwenye petroli kwa ajili ya ulinzi, usiichanganye na hesabu hii. Unapima kile kilichotoka kwenye tanki la oili peke yake.

Kuna kipimo cha haraka pia, cha kujua tu kama pampu inasukuma. Chomoa mpira unaotoka kwenye pampu upande wa injini, washa injini ikiwa na petroli iliyochanganywa, iache kwenye sailensa, na kama pampu ina waya, vuta waya huo kwa mkono mpaka mwisho. Tone la oili litaanza kutokeza, litakua, litadondoka, lingine litafuata. Matone yanakuja polepole, usikate tamaa baada ya sekunde kumi. Ukingoja dakika moja nzima bila tone, pampu haisukumi, au haipati oili ya kusukuma. Ukiuacha mpira wazi, ziba kwa kidole ile tundu ya upande wa injini, kwa sababu hewa ikivutwa hapo sailensa inavurugika.

Dalili ya kwanza: moshi mwingi, plagi nyeusi yenye majimaji, ekzosi inadondosha oili

Sababu inayotokea mara nyingi kuliko zote ni ile ya kuweka oili mara mbili. Pampu nzima inatoa 1 kwa 50, petroli nayo ina 1 kwa 25, na pistoni inapata mara tatu ya inachohitaji. Mwenye pikipiki anabadilisha plagi kila wiki na kusema plagi za siku hizi ni feki. Tiba ni kuacha kuchanganya, lakini baada tu ya kupima pampu kama nilivyoeleza. Ukiacha kuchanganya kabla ya kupima, na kumbe pampu ilikufa zamani, utakuwa umeua injini kwa mkono wako.

Kama hujachanganya na moshi ni mwingi, angalia moshi huo unatoka wakati gani.

Moshi unaotoka kwa wingi asubuhi tu, ukiwasha mara ya kwanza, kisha ukapungua na kuisha baada ya kilomita mbili tatu, maana yake ni kwamba oili imeshuka usiku. Kuna vali ndogo yenye mpira na springi kwenye njia ya oili ambayo kazi yake ni kuzuia oili isiteremke yenyewe injini ikiwa imezimwa. Ikichoka, oili inadondoka tone kwa tone hadi chini ya pistoni. Dalili nyingine ya hiyo ni kwamba tanki la oili linapungua hata pikipiki isipotembea. Weka alama jioni, tazama asubuhi. Vali hiyo wakati mwingine inapona kwa kuoshwa kwa petroli safi, kwa sababu kilichoiachia wazi ni kipande cha uchafu. Isipopona, badilisha.

Moshi usioisha, hata injini ikiwa ya moto na umetembea nusu saa, unanipeleka kwenye ile sili niliyosema tuikumbuke. Upande mmoja wa krenki kuna oili ya giaboksi na klachi. Pistoni inapopanda, chini yake kunakuwa na mvuto, na sili iliyokauka inaruhusu oili ya giaboksi ivutwe ndani na kuungua. Dalili yake ni moja na ni ya wazi: oili ya giaboksi inapungua bila kuvuja popote chini. Pima giaboksi leo, tembea kilomita mia, pima tena. Harufu ya moshi nayo inabadilika, inakuwa nzito na ya kuchoma pua kuliko ile ya 2T. Kosa ninaloliona hapa ni fundi kupunguza pampu ya oili ili moshi upungue. Moshi haupungui, kwa sababu chanzo chake si pampu, na pistoni sasa inanyimwa oili yake halisi. Oili ya giaboksi inayoungua haimsaidii mtu. Inaacha mkaa mgumu.

Oili isiyo sahihi inatoa moshi pia. Oili ya gari au ya boda ya mapigo manne haikutengenezwa iungue. Inaacha majivu kwenye plagi na kwenye tundu la ekzosi. Huku pwani kuna jambo la pekee: oili ya mashine za boti, ile iliyoandikwa TC-W3, inapatikana kila ufukwe wenye wavuvi, na watu wanaitia kwenye pikipiki. Ni oili nzuri kwa kazi yake. Lakini mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari na haifikii joto la silinda inayotegemea upepo. Kwa dharura ya kufika nyumbani, itie. Kwa matumizi ya kila siku tafuta chupa iliyoandikwa JASO FC au JASO FD, na iwe imeelezwa kwamba inafaa kwa pampu na kwa kuchanganya. Oili nyingine za kuchanganya tu ni nzito, na kwenye mpira mwembamba wa pampu zinakwenda kwa shida.

Baada ya kurekebisha chanzo, usishangae moshi ukiendelea siku mbili. Ekzosi imelowa oili ya miezi mingi na itachukua muda kukauka. Kama nguvu pia imepungua, fungua ekzosi utazame mdomo wa kutokea kwenye silinda. Mkaa unaweza kuwa umeuziba hadi nusu.

Dalili ya pili: moshi hakuna, injini ina joto kali, inapoteza nguvu na kukaza

Hii ndiyo ya kuogopa, kwa sababu dalili ya kwanza inaharibu plagi lakini hii inaharibu silinda. Inaanza kwa pikipiki kulegea ghafla kana kwamba mtu ameshika breki. Ukirudisha resi kwa wakati, inazima. Baada ya dakika kumi inawaka kama hakuna kilichotokea. Watu wanadhani ni petroli chafu. Kumbe pistoni imepanuka, imebana silinda, kisha imepoa.

Kama tanki la oili liliwahi kukauka, hata mara moja, fikiria hewa kwanza. Pampu hii haijui kusukuma hewa. Ukijaza tanki bila kuitoa hewa, oili inasimama juu, hewa inasimama katikati, na pampu inazunguka bure. Kutoa hewa ni kazi ya robo saa. Hakikisha petroli ina mchanganyiko wa 1 kwa 50. Jaza tanki la oili. Kwenye mwili wa pampu kuna skrubu ndogo yenye washa. Ilegeze, weka kitambaa chini, uache oili itoke mpaka isiwe na mapovu hata moja. Kaza. Sasa kipande cha mpira cha kati ya pampu na injini nacho kina hewa, na hicho hakitoki kwa skrubu. Washa injini kwenye sailensa, vuta waya wa pampu mpaka mwisho, ushikilie hivyo mpaka uone mapovu yote yamesukumwa na mpira umejaa oili. Mipira ya zamani imegeuka njano na huoni kitu ndani. Badilisha, ni bei ndogo, na uweke wa aina inayovumilia oili, kwa sababu mpira wa kawaida wa maji unakakamaa na kupasuka.

Kama oili haishuki hata kwa skrubu iliyolegezwa, fungua kifuniko cha tanki la oili. Ikianza kushuka mara hiyo, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba kwa vumbi na tanki linavuta utupu. Isiposhuka, kuna tope la oili ya zamani chini ya tanki au kwenye chujio lake.

Pampu ikipata oili na bado haitoi, tazama inavyozungushwa. Meno yanayoizungusha mara nyingi ni ya plastiki, na yakilika pampu inasimama huku kila kitu nje kinaonekana salama. Na kama pampu ina waya, tazama marekebisho yake. Kwenye gurudumu dogo la pampu kuna alama inayotakiwa ikutane na alama nyingine resi ikiwa mahali panapotajwa na kitabu cha modeli yako. Mtu anabadilisha waya wa resi, anaupata mrefu kidogo, resi inafanya kazi vizuri kabisa, lakini pampu imebaki nyuma na kwenye mlima inatoa oili ya sailensa.

Lakini si kila pistoni iliyokaza ilikosa oili. Petroli ikipungua dhidi ya hewa, silinda inapata joto lilelile la hatari, hata oili ikiwepo ya kutosha. Na hapa ndipo kuna kosa ambalo mafundi wengi wazuri wanalifanya, nami nalieleza kwa pikipiki moja.

Mate ya Lushoto

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alishusha Mate yake kutoka Lushoto ikiwa juu ya keri ya gari. Ilikuwa imekaza mara tatu. Mara mbili za mwisho ilikaza mahali pasipotarajiwa: si alipokuwa akipanda, ila alipokuwa akiteremka kwenda Mombo. Kabla ya hapo fundi mwingine alikuwa ameondoa pampu na kumwambia achanganye. Mzee alianza na mililita 20 kwa lita. Ilipokaza, akaongeza hadi 50. Ilipokaza tena, akaja.

"Mwanangu," aliniambia, "oili naitia mpaka naona uchungu, na bado inakufa kwa kiu."

Plagi ilikuwa na rangi mbili. Pembeni ilikuwa na masizi meusi ya oili, lakini kauri ya katikati ilikuwa nyeupe, karibu na chokaa. Weupe huo ni wa joto, wa petroli chache. Pistoni nilipoitoa ilikuwa na michubuko mirefu upande wa ekzosi, upande unaopata moto zaidi. Sailensa, kabla sijafungua chochote, ilikuwa juu, na nikirudisha resi ilishuka kwa uvivu, kana kwamba kuna mtu mwingine ameshika resi.

Sailensa ya namna hiyo inasema hewa inaingia mahali isipopita kabureta. Nilitafuta sili za krenki kwanza, hasa ya upande wa magneto, kwa sababu ikikauka inavuta hewa. Ilikuwa nzima. Kisha nikaona ile tundu ambayo mpira wa oili uliingilia zamani. Pampu iliondolewa, mpira ukaondolewa, na tundu likaachwa wazi, dogo kama ncha ya kalamu. Nilipaka grisi juu yake injini ikiwa inaunguruma. Sailensa ikashuka papo hapo, ikawa nzito na nzuri.

Sasa tazama kilichotokea. Tundu lilikuwa likiingiza hewa, mchanganyiko ukakosa petroli, pistoni ikapata joto. Mzee akaongeza oili. Lakini jeti ya kabureta inapitisha kiasi kilekile cha majimaji, iwe ni petroli au oili. Kwenye 1 kwa 50, katika kila mililita 1020 zinazopita, 1000 ni petroli, yaani asilimia 98. Kwenye 1 kwa 20, katika mililita 1050, petroli ni 1000, asilimia 95. Tena majimaji yamekuwa mazito na yanapita jeti kwa shida zaidi. Kwa hiyo kila alipoongeza oili alikuwa anapunguza petroli, na joto linazidi. Tundu ndilo lililokuwa na kosa kubwa. Oili ya ziada ililisaidia.

Na kwa nini kwenye mteremko? Barabara ya Lushoto hadi Mombo inashuka kwa kona nyingi, na mzee alikuwa akiteremka resi ikiwa imefungwa, gia ikiwa imeingia, injini ikizunguka kwa kasi ya magurudumu. Pikipiki ya kuchanganya inapata oili kwa njia ya petroli tu. Resi ikifungwa, petroli inaingia kidogo sana, na oili nayo kidogo sana. Injini inazunguka maelfu ya mara karibu bila tone. Pampu ikiwepo, inazungushwa na injini, na hata resi ikiwa imefungwa inaendelea kutoa kidogo. Kwa mtu wa Usambara hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mifumo hii miwili, kuliko usumbufu wa kubeba chupa.

Ukiamua kubaki na kuchanganya

Pampu ikiwa nzima, mimi naiacha. Lakini spea ya pampu ikikosekana, kuchanganya ni njia halali, mradi kufanywe kikamilifu. Ziba tundu la mpira wa oili kwa skrubu na washa, si kwa gundi. Ondoa pampu yote pamoja na kinachoizungusha kama kinaweza kutoka, kisha funika nafasi yake kwa bati nene na gasketi. Pampu inayozunguka bila oili inajisaga na kupeleka vipande kusikotakiwa. Jaribu plagi upya baada ya siku mbili. Kauri ikiwa nyeupe, panda jeti moja juu. Rangi ninayoitafuta ni ya chai ya maziwa iliyokolea.

Usiwafanyie hivi wenye Suzuki zenye maandishi CCI bila kuwaeleza. Kwenye baadhi yake pampu inapeleka oili moja kwa moja kwenye beringi za krenki, na beringi hizo zilitengenezwa zikitegemea hivyo.

Changanya kwenye dumu, usichanganye kwenye tanki la pikipiki. Petroli nusu, oili yote, tikisa, kisha petroli iliyobaki, tikisa tena. Lita 2 zinataka mililita 40, lita 5 zinataka mililita 100. Oili nyingi za 2T zimetiwa rangi ya buluu au nyekundu kwa makusudi, ili dumu lenye mchanganyiko lisidhaniwe kuwa la petroli tupu. Ukizima pikipiki kwa siku nyingi, funga bomba la petroli na uiache injini imalize kilichomo kwenye kabureta. Usipofanya hivyo petroli inakauka na kuacha oili peke yake kwenye bakuli la kabureta, na asubuhi ya kuwasha utapiga kiki mpaka mguu uume. Na ukiteremka mlima mrefu, kila baada ya kona mbili tatu toa gia, fungua resi kidogo kwa sekunde moja, kisha endelea.

Mzee wa Lushoto hakutaka kukumbuka kona. Tulipata pampu iliyotumika, tukabadilisha mipira na vali, tukachonga silinda na kuweka pistoni ya ovasaizi. Kilomita mia tano za kwanza nilimwambia atie mililita 20 kwa lita juu ya pampu, kisha aache. Mwezi uliofuata alirudi na karatasi aliyoandika mwenyewe: petroli lita 3, oili mililita 55. Hiyo ni karibu 1 kwa 55, akipanda na kushuka mlima uleule. Nilifungua plagi mbele yake. Ilikuwa ya rangi ya chai.